Watoto wa Bungoma Wanaoishi Kitale

Jumamosi moja shangazi yangu alinipa daftari akasema, "Hebu soma hii, halafu uniambie huyu mtoto anakaa wapi."

Tulikuwa kwake Bungoma, chai mezani, madaftari 42 ya Gredi ya Tano yakiwa yamerundikwa kando ya kiti. Nilisoma. Ilikuwa barua ya kirafiki, na juu upande wa kulia, mahali pa anwani, mtoto alikuwa ameandika sanduku la posta la Kitale. Nikafungua daftari la pili: Kitale. La tatu: Kitale. Kila mtoto alikuwa na rafiki anayeitwa Juma, na kila mtoto alikuwa anamwalika Juma nyumbani likizo ya Agosti.

"Darasa lote limehama," shangazi akasema. "Hata huyu wa jirani yangu, ati siku hizi anakaa Kitale."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Ile barua nilikuwa naijua.

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimepata kibarua Kitale kwa jamaa mmoja anayeuza maandalio ya somo kwa walimu. Mwalimu anatuma pesa kwa simu, anatumiwa andalio kwa WhatsApp. Kazi yangu ilikuwa kukagua. Kila andalio huanza na matokeo yanayotarajiwa, yaani yale ambayo mwanafunzi aweze kuyafanya mwisho wa somo. Mimi nilijaza jedwali: kila lengo na alama yake, LIPO, HAFIFU au HALIPO. Bob 40 kwa andalio moja. Hakuna aliyeuliza cheti, na ni afadhali, kwa sababu chuo niliacha mwaka wa pili.

Lile la barua lilikuwa na malengo manne. Mwanafunzi aweze: kutambua sehemu za barua ya kirafiki, kueleza lugha inayofaa barua hiyo, kuandika barua ya kirafiki kwa kufuata muundo wake, na kuchangamkia kuandika barua. Wanaojua mtaala wa umilisi watautambua mpangilio huo: maarifa kwanza, stadi zikifuata, mwelekeo mwishoni.

Kazi za somo zilikuwa hivi. Dakika 5, wimbo. Dakika 15, mwalimu asome barua ya mfano na kueleza sehemu zake. Dakika 10, wanafunzi waandike barua iliyo ubaoni katika madaftari yao. Dakika 5, mwalimu aulize kama wameelewa. Jumla 35, kipindi kimoja cha shule ya msingi.

Niliona neno "waandike", nikaweka LIPO kwenye lengo la tatu. Niliona wimbo, nikaweka LIPO kwenye lengo la nne. Nilimaliza kwa dakika nne hivi. Kumbe nilikuwa natafuta maneno, na maneno ya lengo huwa hayakosi kwenye andalio. Aliyeliandika ndiye aliyeyanakili kutoka juu kuyapeleka chini.

Nikamwambia shangazi ukweli. "Senge, hii barua ilipitia kwangu. Mimi ndiye niliitia tiki."

Hakunigombeza. Shangazi amefundisha miaka mingi, na hasira zake huwa za kazi. Alichukua kalamu nyekundu akasema, "Haya, tuikague tena, lakini sasa usisome anachofanya mwalimu. Soma anachofanya mtoto."

Tulianza na kitenzi cha kila lengo. Robert Mager, Mmarekani aliyeandika kuhusu malengo ya kufundishia mwaka 1962, alisema lengo linalofaa hutaja tendo la mwanafunzi, masharti ya kulifanyia, na kiwango kinachotosha. Shangazi hakumtaja Mager, lakini maswali yake yalikuwa jirani na hayo. Je, kuna dakika ambazo mtoto mwenyewe anafanya tendo hilo? Je, kuna kitu mwalimu atakiona, ambacho mtoto asiyejua hawezi kukitoa? Majibu yote yakiwa ndiyo, LIPO. Likikosekana moja, HAFIFU. Yakikosekana yote, HALIPO.

Kutambua sehemu: mtoto anasikiliza tu, mwalimu ndiye anayetambua. Lakini akinakili, angalau anaona anwani iko wapi, tarehe iko wapi, na daftari linaonyesha. HAFIFU. Kueleza lugha inayofaa: hakuna dakika hata moja. HALIPO, na mimi nilikuwa nimeweka LIPO kwa sababu mwalimu "anaeleza".

Kwenye kuandika tulibishana. Mimi nikasema sasa ni HALIPO, maana kunakili si kuandika.

"Wacha kuruka kutoka ukuta hadi ukuta," akasema. "Kalamu imeshikwa, muundo umefuatwa. Kilichokosekana ni mtoto kuamua chochote. Andika HAFIFU, halafu uandike kwa nini."

Hilo ndilo sikuwa nafanya Kitale. HAFIFU bila sababu ni alama ya woga tu, ya mtu asiyetaka kuamua. Ikiwa na sababu, inamwambia mwalimu pa kushona. Na ushahidi ulikuwa pale kando ya kiti: barua ya kirafiki ina anwani moja, ya mwandishi, kwa hiyo anwani ndiyo mstari wa kwanza ambao mtoto anaweza kuonyesha kwamba ameelewa. Watoto 42 wa Bungoma walikuwa wameandika Kitale. Mtoto aliyeelewa na asiyeelewa walitoa karatasi ile ile.

Kuchangamkia ndilo lengo gumu, maana uchangamfu haupimwi kwa dakika 35. Wimbo wa salamu haukuhusu barua. Ungeweza kuimbwa kabla ya somo la hesabu. HALIPO.

Kisha tukakagua kinyume: tukachukua kila kazi na kuuliza inatumikia lengo gani. Wimbo, halikupatikana. "Mmeelewa?" halikupatikana pia, kwa sababu darasa zima hujibu ndiyo. Dakika 10 zilikuwa wazi pale pale.

Andalio jipya tuliliandika nyuma ya karatasi. Dakika 7, vikundi vipange barua iliyokatwa vipande. Dakika 3, waseme ni salamu ipi kati ya mbili inamfaa rafiki. Dakika 18, kila mtoto amwandikie mtu wake wa kweli, kutoka kwake mwenyewe. Dakika 7, wabadilishane madaftari na wakague anwani, tarehe, salamu, mwili na tamati. Tukaweka alama: kutambua LIPO, lugha HAFIFU, kuandika LIPO, kuchangamkia HAFIFU, kwa kuwa kuchagua wa kumwandikia ni dalili tu. Nilitaka kuongeza kazi ya lugha. Shangazi akakataa, kipindi kimejaa, hiyo HAFIFU ataianzia kipindi kinachofuata.

Jumapili nilipanda matatu ya Kitale. Jumatatu nikamwambia bosi nirudishiwe maandalio yangu yote 60. Akauliza nani atalipa. Nikasema hakuna. Niliyakagua usiku, na 23 yalikuwa na LIPO ambazo hazikustahili. Mengine yalikuwa yameshauzwa.

Alhamisi shangazi alinitumia picha ya daftari. Mvulana amemwandikia bibi yake wa Kimilili, akimuuliza yule kuku wake ametaga mayai mangapi na kama bado ni wake. Amesahau tarehe, na mwenzake ameizungushia kwa penseli. Anwani ni ya Bungoma.