Kipa Mmoja, Michezo Mitatu: Mikono Ile Ile Ikamponza

Kuna kipa mmoja wa kike, mwanachuo, ambaye kwenye soka hakuna anayembishia. Ndani ya boksi la mita 16.5 anadaka kila kitu. Nje ya hapo anajua mikono mwiko, kazi ni ya miguu.

Basi kwenye mashindano ya vyuo kipa wa handiboli akaumia, akaitwa yeye. Huko mambo ni kinyume kabisa! Ndani ya mstari wa mita 6 kipa anaruhusiwa kuzuia shuti hata kwa mguu. Akitoka nje, anakuwa mchezaji kama wengine: mikono ruksa, mguu marufuku. Dada akatoka kuwahi mpira, akaupiga teke kama alivyozoea. Filimbi.

Kilichomliza hasa ni hoki. Kavaa helmeti, pedi na glovu nene, gongo mkononi, timu inaongoza 1-0 na muda unayoyoma. Shuti likaja, akalizuia kwa pedi. Safi! Ila mazoea ya soka hayo, akaulalia mpira na kuukumbatia. Ndani ya duara kipa wa hoki anaruhusiwa kuuondoa mpira kwa mkono, mguu au gongo, lakini si kuulalia. Nje ya duara ni gongo tu. Refa akatoa kona ya penalti, wapinzani wakasawazisha.

Kocha hakumgombeza. “Mdogo wangu, huku mpira unafukuzwa, haudakwi.” Kesho yake akampigia mashuti mpaka jua likazama, na kila alipofumba mikono, wakaanza upya.