Taa Zilizorudi

Nyumbani kwetu Kaisho, kitu kilichorudishwa na mteja hakiingii kabatini siku hiyo hiyo. Kinalala kwanza kwenye meza ya chumba cha uani, pamoja na boksi lake kama bado lipo, na juu yake mama anaweka kipande cha karatasi chenye maneno aliyosema aliyekirudisha. "Haiwaki." "Inazima mapema." "Mume wangu hajaipenda."

Mama anauzia nyumbani. Hana fremu barabarani, ana kabati moja la mbao sebuleni na kundi la WhatsApp lenye majirani, walimu, na watu wa vijiji vya jirani hadi upande wa Murongo, mpakani na Uganda. Anauza vyombo, mashuka, na taa za sola za mkononi, zile zenye kipaneli kidogo unachokianika juani mchana. Taa ndizo zinazorudi kuliko vyote. Shuka likirudi unalinusa, unalikunjua, unatafuta doa, umemaliza. Taa inaweza kung'aa vizuri kabisa mbele ya macho yako huku imeharibika.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya uchumi Dar es Salaam, na nikiwa likizo kazi ya kukagua inakuwa yangu, kwa sababu moja tu: nina mita ya fundi umeme na najua kuisoma. Kuamua ni kazi ya mama. Maamuzi yako matatu. Kitu kinarudi kabatini kwa bei kamili, au kinawekwa kwenye kikapu cha punguzo, au kinatupwa kwenye gunia lililo nyuma ya mlango, na hapo mama anakiandika kwenye daftari kama hasara.

Julai ile tulikuwa na taa nne mezani. Kila moja ilikuwa imemgharimu mama 19,500 pamoja na nauli ya mzigo, na alikuwa ameiuza 26,000. Kabatini hakukuwa na nyingine hata moja. Ilikuwa Jumanne, na Jumamosi alitakiwa kupeleka rejesho la 60,000 kwenye kikundi. Mkononi alikuwa na 22,000.

Ya kwanza karatasi yake ilisema "haiwaki", na mwenyewe alikuwa amesharudishiwa fedha. Nilifungua kifuniko cha betri nikakuta kile kikaratasi cha plastiki ambacho kiwandani huwekwa kati ya betri na chuma ili taa isijiwashe safarini. Hakikuwa kimevutwa. Nikakivuta, ikawaka. Lakini kuwaka hakutoshi kuirudisha kabatini, maana mtu anaweza kuitumia taa mwezi mzima kisha akarudisha kikaratasi mahali pake. Nikatazama kipaneli kama kina vumbi jekundu kwenye kona za fremu, ambalo huku kwetu haliepukiki ukianika kitu nje hata siku mbili. Nikatazama tundu la kuchajia kama lina michubuko. Vyote vilikuwa safi. Bei kamili.

Ya pili ilikuwa imetafunwa waya wa kipaneli na panya. Taa yenyewe nzima.

Ya tatu ilinipa kazi ya dakika moja. Betri za taa hizi ni zile za duara, za lithiamu, ndefu kidogo kuliko betri ya redio. Ikijaa inasoma volti 4.2, na ikishuka kwenye 3 inahesabika imekwisha. Hii ilisoma 1.7. Betri ya lithiamu iliyoshuka chini ya 2 na kukaa hivyo inaanza kuliwa ndani: shaba iliyo kwenye moja ya karatasi zake inayeyuka, na ukiilazimisha kuchaji ile shaba inaweza kuganda mahali pabaya na kuunganisha pande mbili ambazo hazitakiwi kugusana. Inaweza kupokea chaji, ikawaka, ukadhani umeokoa kitu, kisha siku moja ikapata moto ikiwa juu ya godoro la mtu. Mteja alikuwa ameandikiwa "ameiharibu" na kijana aliyetuletea ile taa. Lakini mteja alikuwa amekaa nayo siku tatu tu, na betri nzima haishuki hadi hapo kwa siku tatu ikiwa kwenye taa yenye kinga ya kuzima mapema. Ilikuwa imekufa zamani, ghalani kwa watu. Gunia. Mama akaandika 19,500 kwenye daftari, akachora mstari chini yake.

Ila kipaneli cha ile taa iliyokufa kilikuwa kizima, na kinachomekwa kwa waya wake wenyewe. Nikakihamishia kwenye taa ya pili. Hivyo maiti ikamponya mgonjwa, na taa ya pili ikaenda kwenye kikapu cha punguzo kwa 22,000, mama akieleza kundini kwamba kipaneli kimebadilishwa. Ilinunuliwa kabla ya jua kuzama. Sasa alikuwa na 44,000.

Iliyobaki ni ya nne, na ndiyo iliyotuchukua siku tatu.

Karatasi yake ilisema "haikai usiku." Mwenyewe ni mama wa mwanafunzi wa kidato cha nne, na mama yangu alimpa ile ya kwanza kama mbadala papo hapo, bila maneno mengi. Niliichaji hii hadi ikajaa, nikaiacha ipumzike saa moja, nikapima: 4.17. Nikaiwasha. Mwanga mzuri. Mtu yeyote angeipitisha, na nadhani ndiyo maana taa mbovu nyingi hurudi sokoni, kwa sababu mkaguzi huwasha, huona mwanga, hufunga boksi. Niliizima nikalala. Asubuhi ya Jumatano, bila mtu kuigusa, ilisoma 3.88.

Betri ya lithiamu iliyo nzima hukaa siku nyingi bila kushuka hata sehemu ndogo ya hapo. Kwa hiyo kuna kitu kilikuwa kinakunywa umeme usiku taa ikiwa imezimwa. Swali ni nani mnywaji: betri yenyewe kwa ndani, au ile bodi ndogo yenye nyaya inayoendesha taa. Majibu haya mawili yana bei tofauti sana. Ikiwa ni betri, taa inaenda kwenye gunia, kwa sababu betri nzuri ya kubadilisha hatuipati Kaisho. Zinazopatikana zina karatasi iliyoandikwa 9900mAh, wakati betri ya umbo lile hata iliyotengenezwa na kiwanda bora kabisa haifiki nusu ya hapo. Mtu akikuandikia namba hiyo amekwambia tayari utakachokikuta ndani.

Njia ya kumjua mnywaji ni kuwatenganisha. Niliichaji tena, nikaitoa betri kwenye taa, nikapima 4.16, nikaiweka peke yake kwenye kisahani cha udongo mbali na pazia. Alhamisi asubuhi ilisoma 4.15. Betri haikuwa na kosa. Nikafungua taa kwa bisibisi ndogo, na hapo nikaona ukungu wa kijani kwenye miguu ya swichi. Maji. Ilikuwa imenyeshewa, labda ikiwa inaanikwa na wingu likaja mtu yuko shambani. Nikasugua kwa mswaki na spiriti hadi shaba ikang'aa, nikaanika bodi kivulini nusu siku, nikarudisha betri.

Jioni hiyo hiyo, kabla hatujajua kama imepona, alikuja mwanamke mmoja mgeni kwetu, hayumo kundini, akiuliza taa mpya. Alikuwa na fedha kamili mkononi. Taa ilikuwa mezani, inawaka, imefutwa, boksi lake halina hata mkunjo.

Kuna makala ambayo kila mwanafunzi wa uchumi huipitia, ya George Akerlof, ya mwaka 1970, kuhusu magari yaliyotumika. Muuzaji anajua gari lake, mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi anatoa bei ya gari la wastani, na wenye magari mazuri wanaona bora wasiuze. Mwisho sokoni yanabaki mabovu. Nilishaifanyia mtihani na kufaulu. Lakini kule darasani muuzaji ni herufi kwenye mlinganyo, hana rejesho la Jumamosi.

Hesabu niliijua na mama aliijua. 26,000 zingefikisha 70,000. Hakuna kipimo ambacho yule mama angeweza kukifanya mlangoni kwetu kikamwonyesha ukungu wa kijani ambao sasa haupo.

"Karibu dada," mama alisema. "Iliyopo hii iliingia maji. Mwanangu ameisafisha, tunaiangalia mpaka kesho. Ikikaa vizuri nitaiuza elfu 15. Mpya zitakuja mwezi ujao."

Mwanamke aliishika, akaigeuza, akairudisha mezani. Akasema atasubiri mpya. Akaaga, akaenda.

Nilimuuliza mama kwa nini hakumwambia tu kwamba imetengenezwa, ambayo isingekuwa uongo. Hakuacha kuchambua maharage. "Imetengenezwa ni habari yako wewe," alisema. "Yeye anataka habari ya maji."

Nilikaa na hilo usiku. Alikuwa sahihi kwa namna ambayo hata fundi angekubali. Kutu ya aina ile ikishaanza, kuisugua ni kuichelewesha. Chumvi hubaki chini ya vifaa vidogo ambako mswaki haufiki, na unyevu ukirudi inaendelea. Mtu anayejua iliingia maji ataitundika ndani, ataianika kipaneli peke yake. Mtu anayejua imetengenezwa ataitumia kama mpya, na itakufa.

Ijumaa asubuhi ilisoma 4.14. Mama akaipiga picha, akaandika kundini: taa, iliingia maji, imesafishwa, isinyeshewe, 15,000. Hadi saa kumi hakuna aliyejibu, isipokuwa mtu mmoja aliyeweka alama ya kucheka. Saa kumi na mbili alikuja kijana anayeuza chapati karibu na mnada. Akaniomba nimweleze nilichokikuta, nikamwonyesha swichi. Akasema ataitundika ndani ya kibanda, chini ya bati, na haitatoka. Wakabishana wakaangukia 14,000.

"Na ikizima ndani ya mwezi, mama?"

"Ilete tuipime. Lakini pesa sirudishi, maji nimeshakwambia."

Akalipa. Mama alifungua daftari, akaandika 14,000, pembeni yake hasara ya 5,500, kisha akahesabu noti za rejesho mara mbili. Zilikuwa 58,000. Akachukua kitenge, akatoka kwenda kwa jirani kuazima mbili zilizobaki.