Moto Ulinikuta na Bima ya Nusu

Yah: Bima ya mzigo wa duka dhidi ya moto na wizi

Ndugu zangu wenye maduka wa Tandika, Mbagala na Temeke kwa jumla,

Wengi wenu mnanifahamu kama wakala wenu wa bima, na baadhi yenu mnakumbuka kwamba kabla ya kazi hii nilikuwa jirani yenu wa fremu, nikiuza sukari, unga, mafuta ya kula na sabuni kwa jumla na rejareja. Mwezi mtukufu unakaribia na nimeanza kuona magari yakishusha mzigo kwenye fremu zenu mpaka darini. Kwa hiyo naandika mapema. Nitawasimulia yaliyonipata mimi, kwa hesabu zake zote, kwa sababu aliyeniuzia bima wakati ule hakunieleza hata moja kati ya haya.

Moto ulianzia stoo ya fremu ya nyuma, kwenye waya za umeme. Mlinzi alinipigia simu usiku, majirani wakapiga 114, na Zimamoto walipofika ukuta wa nyuma ulikuwa umeshashika. Walifanikiwa kuokoa upande wa mbele. Upande wa nyuma, ambako nilikuwa nimepanga mzigo wa Ramadhani, sehemu iliungua na sehemu ikalowa maji. Sukari iliyolowa mnajua inavyokuwa. Nilikaa kwenye kizingiti cha duka mpaka alfajiri, na nilichokuwa nikiwaza ni rejesho la VICOBA na mzigo niliochukua kwa mali kauli kutoka Kariakoo. Ule mzigo haukuwa umelipwa, na ulikuwa majivu.

Asubuhi watu wema walikuja na mafagio na toroli, wakitaka kunisaidia kuzoa na kutupa. Dada yangu aliwazuia. Alikuwa amefanya kazi ya uhasibu, akasema kisitoke kitu mpaka watu wa bima waone. Tukapiga picha kila rundo lilivyo, tukatenga vilivyoungua, vilivyolowa na vilivyo salama, kisha nikaenda polisi kuandikisha tukio na nikaomba ripoti ya Zimamoto. Siku hiyo hiyo nikaijulisha kampuni ya bima kwa maandishi. Katika yote tuliyofanya, hilo la kutotupa ndilo lililoniokoa zaidi. Maji ya kuzimia moto ni sehemu ya hasara ya moto, na kilicholowa kinalipwa kama kilichoungua, lakini hakuna anayelipa sukari ambayo tayari iko dampo.

Kampuni ilimtuma mkadiria hasara. Huyu ni mtu anayelipwa kupima hasara, na swali lake la kwanza halikuwa nini kimeungua. Aliuliza: usiku wa moto, duka lote lilikuwa na mzigo wa shilingi ngapi kwa bei ya kununulia? Bei ya kuuzia haimhusu. Bima ya mzigo inakurudishia gharama yako, wala haikulipi faida ambayo hujaipata.

Sasa mzigo umeshaungua, utauhesabuje? Anahesabu kwa karatasi. Anachukua mzigo uliokuwepo mara ya mwisho ulipohesabu duka, anajumlisha ulichonunua tangu siku hiyo, kisha anatoa ulichouza baada ya kuondoa faida. Mimi nilihesabu duka Januari, nikapata milioni 18. Risiti za manunuzi tangu hapo zilifika milioni 61. Mauzo yaliyosoma kwenye mashine ya EFD yalikuwa milioni 58.75, na kwa kuwa nilikuwa naongeza robo juu ya bei ya kununulia, gharama ya vilivyouzwa ilikuwa milioni 47. Kumi na nane ukijumlisha sitini na moja ni sabini na tisa, toa arobaini na saba, unabaki na milioni 32. Huo ndio mzigo uliokuwa dukani usiku ule.

Risiti zenyewe zilikuwa kwenye droo ya kaunta na ziliungua. Lakini tangu tulipofungua duka, dada yangu alikuwa akitaka nimtumie picha ya kila risiti kwa WhatsApp jioni, ili afunge hesabu. Nilikuwa nafanya kwa uchovu, kumridhisha tu. Picha zile zilikuwa kwenye simu yake, mtaa mwingine kabisa. Manunuzi ambayo hayakuwa na risiti ya aina yoyote yalikataliwa, na sikuwa na la kujibu.

Baada ya kupima vilivyoharibika, tukakubaliana kwamba hasara ni milioni 16. Hati yangu ya bima ilisomeka milioni 20. Mimi, na nadhani na nyinyi mnaosoma, niliamini kwamba hasara ya milioni 16 inatosha ndani ya bima ya milioni 20, kwa hiyo nalipwa yote. Sikulipwa yote.

Ndani ya hati kuna kipengele cha mgawanyo. Kinasema kwamba kama mzigo uliokuwepo unazidi kiasi ulichokatia bima, wewe mwenyewe unahesabiwa kuwa mtoa bima wa kile kilichozidi, na kila hasara, hata ndogo, mnagawana kwa uwiano huo. Nilikata milioni 20 juu ya mzigo wa milioni 32. Ishirini kwa thelathini na mbili ni asilimia 62.5. Kwa hiyo milioni 16 ikawa milioni 10. Kisha wakakata asilimia 10 ya madai, ambayo hati yangu ilisema ni sehemu ninayobeba mwenyewe kila tukio. Nikapokea milioni 9.

Zingatieni kwamba hawakunidhulumu. Milioni 20 ilikuwa sahihi Januari, wakala alipokuja. Kosa lake, naye simtaji, ni kwamba alijaza fomu, akachukua ada na hakurudi tena. Hakuniuliza kama kuna miezi ambayo duka linajaa zaidi. Ada kwenye hati yangu ilikuwa nusu ya asilimia moja. Kwa milioni 20 nililipa shilingi 100,000, na VAT ya asilimia 18 ikafanya 118,000. Kwa milioni 32 ningelipa 188,800. Tofauti ni shilingi 70,800 kwa mwaka mzima, na ningepokea milioni 14.4 badala ya 9. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niache kuuza sukari baadaye na kusomea kazi hii.

Kwa ile milioni 9 nililipa kwanza deni la Kariakoo. Mwenye mzigo, alipoona nimemtanguliza, alinipa mwingine kwa mkopo, nikafungua upande wa mbele tu na pazia la turubai likiziba nyuma. VICOBA walinisogezea marejesho. Kodi ya fremu kwa muda niliofunga na faida niliyokosa mwezi wa mauzo, hivyo sikulipwa na yeyote, kwa sababu bima ya mzigo haivihusu. Vina bima yake ya kusimama kwa biashara. Watoto walibadilishwa shule muhula ule. Tulivuka, ndiyo, lakini tulivuka kwa taabu ambayo shilingi 70,800 ingeiondoa kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana siwezi kunyamaza ninapoona fremu imejaa na hati iko vilevile.

Kuhusu wizi nitasema kwa ufupi, maana jirani yangu wa vipuri vya pikipiki alinifundisha. Walimkata kufuli usiku wakabeba, akalipwa. Baadaye akagundua mzigo unapungua stoo bila mlango kuguswa, akadai tena, akakataliwa. Bima ya kawaida ya wizi wa duka inataka alama ya kuvunja: kufuli iliyokatwa, grili iliyopindwa, ukuta uliotobolewa. Mteja aliyechomoa kitu mchana, au kijana wa dukani anayetumia ufunguo aliopewa, hao hawamo. Kwa mfanyakazi kuna bima ya uaminifu, inayokatwa peke yake. Kwa hiyo mkivunjiwa, msitengeneze mlango kabla polisi hawajauona na nyinyi hamjapiga picha. Na kama hati yako imesema kutakuwa na mlinzi usiku, basi mlinzi awepo kweli, kwani siku hayupo ndiyo siku madai yatakapogomea hapo.

Nawasikia wengine wakisema mali ni ya Mungu, na kwamba kampuni za bima hazilipi. Tuliona Soko Kuu la Kariakoo likiungua tarehe 10 Julai 2021, na miezi michache baadaye, tarehe 16 Januari 2022, soko la Karume. Wenzetu waliangalia mtaji wa miaka mingi ukiteketea usiku mmoja. Kuhusu kulipwa, mimi nililipwa kwa kadiri ya karatasi nilizokuwa nazo na kiasi nilichokatia. Madai mengi niliyoyaona yakikwama tangu nianze kazi hii yamekwama kwenye mojawapo ya hayo mawili. Na kama kampuni imekukatalia bila haki, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na juu ya kampuni zote kuna TIRA. Jambo jingine: bima haianzi mpaka ada ilipwe. Ukiniambia nianzishe na utalipa wiki ijayo, wiki hiyo huna bima, na sitakudanganya kwamba unayo. Ukishalipa, dai hati yako.

Ombi langu sasa. Kabla hamjamaliza kushusha mzigo wa mwezi mtukufu, fungeni duka nusu siku mhesabu kila kilichomo kwa bei ya kununulia, muandike tarehe, na mtume picha ya karatasi hiyo kwa mtu anayeishi nyumba nyingine. Kisha kadirieni duka litafika shilingi ngapi likijaa kabisa, na kadirio hilo ndilo liandikwe kwenye hati, maana mzigo wa siku ya kawaida hautoshi. Kwa mwenye hati tayari, huhitaji kuanza upya. Tunaongeza kiasi kwa nyongeza ya hati, na unalipia tofauti tu, tena kwa miezi iliyobaki.

Nijibuni barua pepe hii kwa namba mbili: kiasi kilichoandikwa kwenye hati yako, na kadirio lako la duka likijaa. Kama hii ya pili ni kubwa, nitafika dukani kwako wiki hii hii na fomu ya nyongeza. Asiye na hati kabisa aniandikie namba moja tu, nitamfuata.

Wenu katika kazi,
Wakala wenu wa bima, Tandika