Chumvi tatu kwenye karatasi nyeusi

Mama yangu alikulia Idjwi, kile kisiwa cha Ziwa Kivu, na ana rovu shingoni tangu mimi sijazaliwa. Sasa tunaishi Bujumbura, na dada yangu mkubwa ana mimba. Siku moja alirudi kutoka soko la Ruvumera na chumvi za aina tatu. Akaniambia: "Wewe mdogo wangu uliyesoma, ipi ndiyo nzuri?"

Sikujua. Nikazipeleka pale ninapokutana na vijana, tukamwaga kila moja kidogo kwenye karatasi nyeusi, tukaziangalia kwa lensi.

Chumvi ya bahari ilikuwa na punje kubwa zisizolingana, nyeupe kama ukungu, na ilikuwa na unyevunyevu. Ina mabaki ya magnesi kutoka maji ya bahari, na hayo huvuta unyevu wa hewa. Chumvi ya mawe, ile ya waridi inayochimbwa ardhini, ilikuwa vipande vigumu kama kioo vyenye pembe za mraba. Rangi yake inatokana na chuma, kama kutu. Ya mezani ilikuwa vijichemraba vidogo, vikavu, vyote sawa.

Tukahamia kwenye maandishi. Ya bahari ilipimwa kwa kikombe kutoka gunia, haikuwa na neno lolote. Ya waridi iliandikwa "asili" na "madini mengi". Pakiti ya mezani iliandikwa "yenye madini joto", na kwa nyuma KIO₃. Madini joto ndiyo ayodini. Ikikosekana, shingo inavimba. Na mama mjamzito akiikosa sana, ubongo wa mtoto unaumia. "Madini mengi" siyo ahadi ya madini joto.

Basi tukasema: tumejua, nunua ile laini. Hapo kijana mmoja akaleta chumvi ya kwao, laini, nyeupe, sawasawa na ya pakiti. Muuguzi mmoja alikuwa na kichupa cha dawa ya kupimia. Tone moja kwenye chumvi ya pakiti, ikageuka zambarau. Ya bahari na ya waridi hazikubadilika. Na ya yule kijana? Ikabaki nyeupe vilevile. Mama yake huinunua kwa kikombe.

Ayodini inayotiwa ni makumi machache tu ya miligramu kwa kilo nzima, hata lensi haiioni. Tena chumvi ya punje kubwa nayo inaweza kunyunyiziwa ayodini kiwandani. Punje zinakuambia chumvi imetoka wapi na imesagwaje, basi. Mengine yanasemwa na maandishi, na kwenye gunia lililofunguliwa maandishi hayafiki kwa mnunuzi.

Sasa dada ananunua pakiti iliyofungwa, anaimimina kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa sufuria, maana ayodini hupotea. Mama anamtazama akifunika. Chumvi hii haitaondoa rovu lake la miaka mingi. "Sisi kule tulikula muhogo na chumvi yoyote," anasema. "Funika vizuri, mwanangu."