Karatasi chini ya kisigino

Jumanne, 4 Machi

Leo asubuhi nilipokuwa namwosha Mama miguu nimeona kitu kwenye kisigino cha kushoto, upande wa nje. Doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, jeusi kuliko ngozi yake, na ukilitazama karibu na dirisha lina rangi ya zambarau. Nililibonyeza kwa kidole. Limelainika kama embe lililopigwa: juu zima, ndani limebonyea. Kisigino cha kulia ni kigumu, cha kawaida. Nikamuuliza kama anaumia. Akasema mguu huo hausikii vizuri tangu kabla ya kiharusi, kisukari kilikwisha kuuchukua zamani.

Nimeudhika sana. Karatasi ya zamu iko ukutani tangu Januari: saa 12 chali, saa 2 ubavu wa kulia, saa 4 ubavu wa kushoto, hivyo hivyo mpaka usiku. Kila aliyemgeuza anatia alama. Hakuna saa iliyorukwa. Makalio ni safi, mgongo ni safi. Kwa nini kisigino?

Shangazi alikuwa ameshaleta mafuta ya nazi ya moto, akaanza kulisugua lile doa kwa nguvu ili damu itembee. Nilimwacha. Sijui kama nilifanya sawa.

Alhamisi, 6 Machi

Nesi mstaafu wa nyumba ya tatu amekuja baada ya Adhuhuri. Hakugusa karatasi ya ukutani. Alikwenda moja kwa moja miguuni, akafunua shuka, akapitisha kiganja chini ya kisigino. Hakikupita. "Mwanangu," akasema, "mnamgeuza mwili, kisigino hamkigeuzi."

Akanionyesha. Mama akiwa chali, uzito wa mguu mzima unatua kwenye kipande kidogo cha mfupa ambacho hakina nyama, ngozi tu na mafuta kidogo. Akiwa ubavu, mguu wa chini unalalia ukingo wa kisigino na kifundo. Kwa hiyo saa 12, saa 2 na saa 4 makalio yanapumzishwa kwa zamu, lakini kisigino kinatoka kwenye shida moja kwenda nyingine. Na huu wa kushoto uliopooza hausimami wima hata chali: ukiuachia, vidole vinaangukia nje, na sehemu inayobaki kwenye godoro ni ile ile yenye doa. Nimeuangalia mguu huo kila siku kwa miezi miwili bila kuona kwamba umeanguka.

Aliniuliza Jumamosi tulikuwa wapi. Nikamwambia hospitali, kwa kliniki ya sukari, Mama akalazwa kwenye kitanda cha magurudumu ukumbini kwa muda wa karibu saa nne, chali, godoro lake jembamba, nami nikashughulika na foleni. Akatikisa kichwa. Kidonda cha namna hii huanzia ndani, karibu na mfupa, na rangi hutokea juu siku mbili au tatu baadaye. Nilichokiona Jumanne kilitengenezwa Jumamosi. Kwa hiyo hata kama leo nafanya kila kitu sawasawa, doa linaweza kuendelea kubadilika, na nisidhani ndiyo kazi ya leo.

Kuhusu mafuta ya Shangazi: kupaka kidogo kwenye ngozi kavu ni sawa, kusugua mahali palipobadilika rangi ni kuvunja kilichobaki. Lengelenge likitokea lisipasuliwe.

Kisha mito. Nilikuwa naweka mto mmoja wa sufi chini ya vifundo, kwa kukingama. Sufi inabonyea, mpaka alfajiri visigino vimeshatua godoroni. Tena mto uliokingama pale unakandamiza kano ya nyuma ya mguu, ambako napo ni ngozi na kano tu. Akachukua mto wa sponji, akauweka kwa urefu: unaanzia chini kidogo ya goti, unabeba shavu lote la mguu, unaishia juu ya kifundo. Kisigino kinaning'inia hewani. Goti limekunjwa kidogo sana, lisinyooke kabisa, ili mshipa wa nyuma ya goti usibanwe. Kwa nje ya mguu wa kushoto akasokota kanga akaisukumia kando ya paja na goti, usiangukie nje. Akatoa karatasi kwenye daftari la shule la mdogo wangu, akaipitisha kati ya kisigino na shuka. Ikapita bila kugusa. "Hiki ndicho kipimo chako. Kila ukimgeuza."

Ubavu nao hataki tumlaze kwa nyonga kabisa. Mto nyuma ya mgongo, ainame kidogo tu, auegemee, uzito ukae kwenye nyama ya tako badala ya mfupa wa nyonga. Mto kati ya magoti. Na mto wa shavu la mguu ubaki pale pale.

Saa za zamu tumeziacha kama zilivyo mchana, kila saa mbili. Usiku amesema tujaribu saa tatu, maana Mama naye alale. Asubuhi tukiona alama ya godoro mwilini ambayo haiondoki ndani ya nusu saa, turudi kwenye mbili. Daku limetusaidia: saa 10 usiku nyumba nzima iko macho, hakuna wa kubembelezwa aamke.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimepata mtihani wa adabu. Shangazi ametengeneza ngata mbili za kanga, nzuri kabisa, kama zile alizobebea ndoo ujana wake, akaweka kisigino kimoja katika kila moja. Ukiangalia, unaona kisigino kiko hewani kweli, katikati ya tundu. Nikampigia simu Nesi nje, uani. Akasema ziondoke. Pete inabana ngozi mviringo mzima, na damu inayotakiwa ifike katikati inazuiwa pembeni. Glavu zilizojazwa maji, ambazo jirani mwingine alizisifia, nazo haziufai mguu: zinateleza, na kisigino bado kimelalia kitu.

Nilimwambia Shangazi kwamba ngata zake nimezitamani, nimeziweka chini ya mkono wa Mama uliopooza. Amekubali, ingawa aliniangalia.

Namna ya kukagua, kwa kuwa wekundu hauonekani kwenye ngozi yetu: nafungua dirisha, sitegemei taa. Natazama kisigino kimoja na kingine. Nabonyeza kwa kidole kwa kuhesabu hadi tatu, naachia. Kwa mtu mweupe mahali pazima pangepauka kisha pakarudi rangi, kwa Mama sioni hilo, kwa hiyo nategemea mkono: pana joto kuliko jirani yake, au baridi, pamelainika, au pamekuwa pagumu. Naye namuuliza kama panawasha au panauma, japo kwa mguu wa kushoto jibu la "hapana" halinitoshi.

Ijumaa, 14 Machi

Kisigino cha kulia. Kile kizima! Lengelenge dogo la maji, nyuma kidogo.

Nilikaa kitini jana jioni kumtazama tu bila kufanya kitu, na jawabu likaja lenyewe. Wakati wa futari tunamwinua kwa mito mitatu mgongoni ili anywe uji na sisi. Kidogo kidogo anateleza kwenda miguuni. Akiteleza, anajisukuma kurudi juu, na cha kujisukumia ni mguu mmoja tu. Anachimbia kisigino godoroni, anasukuma, ngozi inabaki, mfupa unakwenda. Nimehesabu mara saba kabla ya Isha. Sisi wote macho yetu yalikuwa kwenye mguu mgonjwa.

Tumebadilisha mambo mawili. Anainuliwa kwa kula, anabaki hivyo nusu saa ili chakula kisimrudie, kisha tunamshusha mpaka mto mmoja na kidogo. Na kabla ya kumwinua tunaweka mto mwembamba chini ya mapaja, asiteleze. La pili, kumpandisha juu ni kwa shuka iliyokunjwa chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, watu wawili, kila upande mmoja, tunamnyanyua badala ya kumburuta. Mdogo wangu alianza kuburuta, Mama mwenyewe akamkemea: "Mimi si gunia."

Lengelenge nimelifunika kwa shashi, sijalipasua. Soksi nimemvalisha, lakini soksi inapunguza msuguano tu, haiondoi uzito. Mto haujatoka.

Jumamosi, 22 Machi

Doa la kushoto limekauka, limekuwa gaga jeusi, gumu kama kifuu, limeshika kingo zote. Lengelenge la kulia limenywea lenyewe.

Tulimpeleka hospitali, safari hii na mto wake kwapani kwangu. Daktari alitafuta mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani, kwa vidole, akichukua muda. Juu ya unyayo aliyapata kwa shida. Kwa hiyo gaga lisikatwe, lisilowekwe, lisipakwe kitu cha kulilainisha: likiwa kavu na limeshika, linafunika kidonda kuliko bandeji yoyote, na mguu wenye damu haba ukifunguliwa hauna cha kuufunga. Litajiachia taratibu, kwa miezi. Nirudi siku hiyo hiyo nikiona ngozi ya pembeni imevimba au ina joto, gaga limeanza kuwa laini au kuchezacheza likibonyezwa, usaha, harufu, au homa. Sukari ikipanda bila sababu ya chakula pia nirudi.

Aliuliza anakula nini. Uji. Na nini tena? Uji. Basi leo ameanza yai moja asubuhi, na dagaa waliosagwa ndani ya mchuzi wa maharage jioni. Dagaa anadai wana mchanga.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nyumba imejaa. Kila aliyeingia alitaka kumwona Mama, kila mmoja alikaa ukingoni mwa kitanda, na wawili walimfunika blanketi zito wakalibana chini ya godoro, miguu ikakandamizwa. Nililichomoa mara mbili. Mara ya tatu nililificha kabatini.

Saa 8 mchana nikiwa jikoni kwenye pilau, nilimsikia mdogo wangu akiwaeleza binamu zetu kwa nini mto hausogezwi. Alikuwa ametoa karatasi anaipitisha chini ya kisigino kama mpiga ramli. Kushoto ikapita. Kulia ikakwama: mtoto wa mtu alikuwa ameuvuta mto akaukalia.

Gaga liko vile vile, kavu, halina harufu. Nimelipima kwa uzi: halijaongezeka tangu tarehe 22.

Saa 2 usiku, ubavu wa kulia. Mimi. Saa 5, chali. Shangazi ameomba zamu hiyo.