Ngoma za Pango Jeupe



Mtoto anayepelekwa kupimwa kwa mashine ya sumaku, ile ambayo hospitalini kwetu huitwa IRM, haogopi kuchomwa wala kukatwa, kwa sababu mashine yenyewe haimgusi. Anaogopa kelele. Amelala peke yake ndani ya tundu jembamba, kichwa hakisogei, na ghafula ukuta unaomzunguka unaanza kupiga kama nyundo juu ya bati. Hakuna aliyemweleza kwamba kelele ile ni kazi, wala si hatari. Kwa hiyo, mjukuu wetu wa miaka 7 alipoandikiwa na daktari picha ya ubongo kwa sababu ya kuumwa kichwa mara kwa mara, nasi tukajua kwamba atavuka mpaka kwenda kupimwa Kigali baada ya siku tano, tuliamua kumtungia hadithi ya usiku ambamo wahusika wote ni sauti.

Ilitupasa kwanza kuelewa kelele hizo zinatoka wapi, maana hadithi isiyo na ukweli ndani yake huvunjika mtoto anapofika mlangoni. Ndani ya mashine mna sumaku kubwa ambayo haizimwi, si mchana wala usiku. Katika mashine nyingi nguvu yake ni tesla 1.5, yaani mara 30,000 hivi ya nguvu ya sumaku ya dunia inayozungusha dira. Sumaku hiyo ni waya uliozamishwa katika heliamu ya majimaji, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Pampu inayotunza baridi hiyo hufanya kazi muda wote, na mlio wake ni wa kwanza kusikika mtu anapoingia chumbani: chiu, chiu, chiu, kama kifaranga aliyefichwa ukutani.

Kelele kubwa zina chanzo kingine. Kuizunguka nafasi anayolala mgonjwa zimo nyaya nyingine, ambazo umeme wake huwashwa na kuzimwa mara nyingi sana kwa sekunde. Kila umeme unapopita, sumaku kubwa inazisukuma nyaya hizo, nazo zinatikisika. Vijana wa kwaya wanaijua kanuni hii bila kuambiwa: ndiyo inayofanya kazi ndani ya spika zao, ambamo waya wenye umeme husukumwa karibu na sumaku hadi karatasi ya spika itoe sauti. Mashine ya IRM, kwa namna hiyo, ni spika kubwa ambayo mgonjwa amelazwa ndani yake. Sauti yake huweza kupita desibeli 100, ndiyo maana hakuna anayeruhusiwa kulala humo bila kuzibwa masikio.

Na mapigo hayo hayaendi ovyo. Kuwasha na kuzima kwa nyaya ndiko kunakoijulisha mashine ni sehemu ipi ya kichwa inayojibu. Kila aina ya picha inadai mpangilio wake wa kuwasha na kuzima, na kwa hiyo kila picha ina ngoma yake. Anayesikia ngoma imebadilika ajue kwamba picha nyingine imeanza. Hapo tukaipata hadithi.

Hapo kale, tulimwambia, palikuwa na kinyonga mdogo aliyetaka kuchorwa picha ya mawazo yake. Akaenda kwenye pango jeupe, pango la mviringo lililo wazi pande zote mbili, ambamo waliishi wachoraji wasioonekana. Mlangoni kulikuwa na mlinzi mwenye tamaa ya chuma. Kinyonga alipaswa kuacha nje kila kitu ambacho mlinzi angeweza kukinyakua: sarafu, vibanio vya nywele, na hata medali ndogo ya shingoni, ambayo mama yake angemshikia hadi atoke. Juu ya dari aliishi ndege wa baridi ambaye halali kamwe. Alimkaribisha kinyonga kwa kusema chiu, chiu, chiu.

Kinyonga akalala chali. Wakamvika kofia yenye madirisha, na ndani yake kioo kidogo cha kumwonyesha miguu yake na mtu aliyesimama nje ya pango. Wakamwekea mkononi mpira laini wa kubonyeza kama anahitaji kuitwa. Kisha kikaja kimya, na baada ya kimya, mtu akabisha hodi: ta, ta, ta. Huyo ni mtumishi anayeandaa rangi, wala bado hajachora. Akaingia seremala mwenye haraka, gogogogo, akapima ukubwa wa kichwa kwa muda mfupi tu, akaondoka. Akaja mama mtwangaji na kinu chake: tu! tu! tu! Huyo hana haraka, anatwanga dakika nne. Baadaye akapita mwenye pikipiki juu ya barabara ya mawe, drrrrrr, na kitanda kikatetemeka chini ya mgongo wa kinyonga. Kinyonga hakukimbia, kwa sababu anajua kwamba pikipiki inapita mbali na tawi lake. Mwisho akaja nyuki mkubwa, akavuma sauti moja ndefu, naye ndiye mwenye subira kuliko wote.

Mtoto aliuliza swali lililokuwa kiini cha jambo lote: «Babu, na wakinyamaza, kinyonga anashuka?»

Tukamjibu kwamba hapana. Wakinyamaza, wachoraji wanatazama walichochora na kuchagua rangi inayofuata. Kinyonga anaweza kupumua, kumeza mate na kupepesa macho, lakini kichwa kinabaki juu ya tawi mpaka mtu mwenye sura na jina aingie kumshusha. Sehemu hii tuliirudia kila usiku kuliko nyingine, kwa sababu kimya ndicho kinachowahadaa watoto wengi. Mtoto hustahimili kelele kwa ushujaa, kisha sauti ikikatika anadhani kazi imekwisha, anainua kichwa ili atazame. Akikirudisha, hakirudi mahali pale pale. Vipande vya picha zinazofuata vilikuwa vimepangwa kulingana na mahali pa kwanza, na fundi analazimika kupima upya.

Kusogea wakati ngoma inalia kuna madhara ya aina nyingine. Picha ya IRM haichukuliwi mara moja kama ile ya simu. Inakusanywa mstari kwa mstari kwa dakika kadhaa, na ni mwishoni tu mistari yote inapounganishwa kuwa picha moja. Kichwa kikisogea katikati, mistari ya mwanzo inasimulia kichwa kilichokuwa hapa, na ya mwisho kichwa kilichokuwa pale. Fundi anautambua upotovu huo upesi: ukingo wa fuvu unajirudia, kimoja nyuma ya kingine, kama mawimbi ya maji yaliyotupiwa jiwe. Daktari hawezi kuona jambo dogo ndani ya mawimbi hayo.

Hadithi peke yake isingetosha. Kila jioni mtoto alilala juu ya mkeka chini ya meza, taulo pande zote mbili za kichwa, nasi tukapiga sauti moja baada ya nyingine kwa kijiko na sufuria, tukiacha vimya katikati. Usiku wa kwanza kinyonga alikaa dakika moja. Usiku wa nne alikaa dakika tano, na katika kimya cha mwisho alinong'ona bila kusogeza kidevu: «Wanachagua rangi.»

Palikuwa na mambo mawili tuliyokataa kuyatia katika hadithi. Hatukusema kwamba pango ni tulivu, wala hatukusema kwamba hakutakuwa na sindano. Kwa baadhi ya wagonjwa daktari huomba dawa ya kung'arisha picha, inayopitishwa katika mshipa wa mkono, na uamuzi huo haukuwa wetu. Tulisema tu kwamba mmoja wa wachoraji huenda akaomba mkono wa kinyonga, na kwamba atamwambia kabla. Vilevile tulimweka mgeni asiye na jina, mwenye sauti ambayo hata sisi hatuijui, maana mashine za viwanda tofauti hazilii sawasawa.

Siku ilipofika, mama yake aliulizwa maswali yale yale kama mgonjwa kuhusu vyuma mwilini, kisha akaruhusiwa kukaa karibu na miguu ya mtoto, naye akiwa ameziba masikio. Upimaji ulichukua kama nusu saa. Ndege wa baridi alitambuliwa tangu mlangoni. Katikati ya mama mtwangaji mtoto alikohoa. Fundi akaona mawimbi katika picha hiyo, akamwambia kwa kipaza sauti kwamba mtwangaji atarudi mara moja tena, na dakika nne nyingine zikatosha. Picha zilizokwisha kupatikana hazikupotea. Mgeni asiye na jina naye alikuja: kwa maneno ya mtoto, alikuwa chura mwenye mafua. Sindano haikuhitajika siku hiyo, na matokeo yalimwachia daktari kazi ya kutibu macho yake kwa miwani.

Haifai kumwambia mzazi yeyote kwamba hadithi huondoa kila kikwazo. Wapo watoto, hasa walio wadogo zaidi au wenye maumivu makali, ambao hawawezi kutulia hata wakitaka. Hao hulazwa usingizi kwa dawa, wakiwa wamefunga kula kwa saa zilizotajwa na daktari wa usingizi, na wakilindwa kupumua kwao hadi waamke. Mtoto wa namna hiyo hakushindwa mtihani wowote, na asiambiwe hivyo. Lakini anayeweza kutulia huepushwa na dawa hiyo, na anaweza kurudi nyumbani akiwa macho.

Ninyi mnaowapeleka wadogo zenu hospitalini, ulizeni mapema mambo matatu: picha ngapi zitachukuliwa, ndefu kuliko zote ina dakika ngapi, na kama mtu mmoja wa nyumbani anaweza kuingia pamoja na mtoto. Kisha mwacheni mtoto mwenyewe awape majina wapiga ngoma. Wetu aliposikia sauti ya nyuki kwa mara ya kwanza chini ya meza, alilikataa jina tulilolichagua, akasema kwamba huyo ni mwalimu mkuu. Tukalibadilisha usiku ule ule, na ndilo jina alilokwenda nalo pangoni.