Konda Wa Bunda: Siku Ya Kupumzika Ndiyo Mgongo Unamkaza Zaidi

Jamaa ana miaka 26, konda wa Hiace za Musoma–Bunda. Ukimkuta saa sita mchana anaruka mlangoni na kupanga mizigo, huwezi kuamini kuwa alfajiri ile ile alitumia karibu saa nzima kunyooka. Kuvaa soksi tu ilikuwa kazi. Gari la kwanza lilianza kumuacha, na bosi akaamini dogo anakesha baa.

Stendi walishampa dawa yao: "Punguza mechi za usiku, kaka!" Vicheko kibao. Nyumbani kwao Butiama, mama alimwambia, "Mwanangu, hiyo ni kazi ngumu, pumzika." Akaomba ruhusa wiki nzima, akalala. Akatoka akiwa mbaya zaidi.

Hapo ndipo penye siri yote. Mgongo ulioumia kwa kubeba mzigo kwa kawaida hutulia ukiupumzisha na kuuma ukiutumikisha. Wa konda ulikuwa kinyume. Ulimwamsha saa tisa au saa kumi usiku, ukawa mgumu kama ubao asubuhi, halafu ukalegea kadiri anavyotembea. Akikaa kwenye siti muda mrefu, unakaza tena. Maumivu yalikuwa yanahama pia: leo tako la kulia, wiki ijayo la kushoto. Yalianza taratibu tu, bila kuanguka wala kugongwa, na yalikuwa na miezi nane.

Dalili za namna hii kwa kijana humfanya daktari afikirie spondiloathritis. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inawasha uvimbe kwenye maungio, hasa mawili yaliyo chini ya kiuno, pale uti wa mgongo unapokutana na mifupa ya nyonga. Ukiachwa miaka mingi, kwa baadhi ya watu pingili zinaweza kuungana na mgongo ukabaki umepinda. Ndiyo maana kuwahi kuna maana.

Konda alikuwa anajitibu kwa diklofenaki ya duka la dawa. Ilimsaidia kweli, na hata hilo ni dokezo, maana ugonjwa huu mara nyingi huitikia dawa za aina hiyo. Shida ni kuzimeza kila siku bila usimamizi: zinaweza kuchubua tumbo na kuumiza figo.

Alipofika hospitali mara ya kwanza alisema tu "mgongo unauma", akapewa vidonge akaondoka. Mara ya pili alisimulia yote: saa za usiku, ugumu wa asubuhi, nafuu ya kutembea. Daktari akamuuliza, "Jicho je, limewahi kuwa jekundu?" Akashangaa. Mwaka uliopita jicho moja liliwahi kuuma, likaogopa mwanga. Maswali yakaendelea: magamba ya ngozi, kuharisha kwa muda mrefu, ndugu mwenye tatizo kama hilo. Vyote hivyo huweza kuambatana na ugonjwa huu.

Kisha likaja swali la kwetu Mara: "Unakunywa maziwa yasiyochemshwa?" Brusela, inayotoka kwa mifugo, nayo hushambulia maungio hayo hayo ya chini ya kiuno. Kifua kikuu pia huingia kwenye uti wa mgongo. Hivyo ni lazima viangaliwe kabla ya kumbandika mtu jina la ugonjwa wa kudumu.

Eksirei yake ilitoka safi. Wengi wangeishia hapo, lakini eksirei inaweza kuchelewa miaka kuonyesha mabadiliko, wakati MRI inaweza kuona uvimbe mapema. Kipimo cha damu cha HLA-B27 nacho hakitoshi. Jeni hiyo ni adimu kwa Waafrika wengi, kwa hiyo majibu hasi hayafuti ugonjwa. Akaandikiwa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, kwa bingwa. Mpaka sasa jina la ugonjwa bado ni "huenda", ila anatumia dawa kwa vipimo vya daktari, ananyoosha mwili kila asubuhi, na gari la kwanza halimuachi mara nyingi kama zamani.

Kwa hiyo kama maumivu yalianza kabla ya miaka 45, yamepita miezi mitatu, ugumu wa asubuhi unazidi nusu saa na kutembea ndiko kunakusaidia, omba kuonana na bingwa wa maungio au wa magonjwa ya ndani. Jicho likiwa jekundu, linauma na kuogopa mwanga, nenda siku hiyo hiyo.

Ukiwa na homa, jasho la usiku au unakonda bila sababu, usisubiri miezi mitatu. Na miguu ikiisha nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi, au ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, hiyo ni dharura. Hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku.

Wadau, nani kati yenu mgongo unamkaza akipumzika? Tiririka hapo chini.